Amesoma, hajajibu: nimwandikie tena?

Shikamoo dada,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Dodoma. Nina rafiki niliyesoma naye Tanga tangu kidato cha kwanza. Tulipomaliza kidato cha nne wazazi wangu walirudi Kondoa, yeye akapangiwa shule ya bweni Iringa, na mimi nikapata nafasi ya kidato cha tano palepale Tanga, bila pa kulala. Mama yake akasema chumba cha binti yake kiko wazi. Nilikaa kwake miaka 2 na sikuombwa hata hela ya mkaa.

Mama huyo alifariki miaka 3 iliyopita. Nilikuwa kwenye semina ya kazi, naye alizikwa siku ileile, nisingewahi. Lakini matangani sikwenda, hitma sikwenda, na arobaini ilipofika nikatafuta udhuru mwingine. Nilituma rambirambi ya shilingi 50,000 kwa simu, na maneno mawili ya pole. Rafiki yangu alijibu "ahsante". Tangu hapo tukawa watu wa kutakiana Iddi tu, na mwaka jana hata hilo likakoma.

Mwezi uliopita, Jumapili usiku, nilimwandikia ujumbe mrefu WhatsApp. Nilimweleza semina ilivyokuwa na ndoa yangu ilivyokuwa wakati ule, nikaomba msamaha kama nilimkosea, nikaomba nije tumsomee mama dua pamoja, nikamalizia kwa kumwomba anijibu hata neno moja. Nililia nikiuandika. Asubuhi tiki zilikuwa za buluu. Leo ni siku ya 19, kimya. Na yupo: anauza vitenge, kila siku anaweka picha kwenye stetasi, nami naziangalia zote. Wiki iliyopita niliweka alama ya moyo kwenye picha moja. Kimya.

Nimeandika ujumbe wa pili, sijautuma: "Shoga, naona ulishasoma ujumbe wangu tangu Jumatatu ile. Leo siku 19. Nimejishusha kiasi hiki, angalau neno moja tu. Kama hutaki tena urafiki nami niambie nijue moja, sitakusumbua tena." Mume wangu anasema nikiutuma nitaharibu. Dada yangu anasema nisitume chochote, kimya nacho ni jibu. Mwezi ujao ni tarehe aliyofariki mama, nimefikiri nitume siku hiyo. Nifanyeje?

Mwenye deni, Dodoma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nashukuru kwamba ujumbe wa pili umeuleta kwangu kabla ya kuupeleka Tanga. Nimeusoma mara kadhaa, kila mara nikijaribu kukaa mahali pa rafiki yako: ana mteja mbele yake, doti za vitenge zimefunguliwa, simu inalia, anatazama, anaona ni wewe. Ninajua ulikuwa na uchungu ulipouandika, na uchungu huo nauheshimu. Ila yeye hatauona uchungu. Ataona maneno, basi twende nayo moja moja.

"Naona ulishasoma." Unafungua kwa ushahidi. Kabla hujamsalimu umeshamwambia kwamba unamfuatilia na unajua alichofanya. Mtu aliyekaribishwa namna hiyo huanza kujitetea, na anayejitetea hana nafasi ya kusamehe.

"Leo siku 19." Ukimtajia mtu siku umemletea hesabu, kama mwenye duka anayefungua daftari la madeni. Na hapa mwenye deni, kwa jina ulilojipa mwenyewe, ni wewe. Yeye alihesabu pia, mdogo wangu. Alihesabu siku za matanga, akahesabu hadi arobaini, akitazama nani anaingia mlangoni. Zikiwekwa pamoja siku 19 zako na miaka 3 yake, ujumbe wako hautasimama.

"Nimejishusha kiasi hiki." Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwa sababu linabadilisha ule ujumbe wa kwanza. Ulikuwa msamaha unaoombwa, sasa unakuwa zawadi uliyotoa na ambayo haijalipwa. Akisoma hivi anaweza kuamini kwamba hata machozi ya Jumapili ile yalikuwa na bei.

"Angalau neno moja tu." Wewe unaona umeomba kidogo. Lakini neno hilo moja lingekuwa lipi? "Nimekusamehe"? "Sijakusamehe"? "Karibu"? Unamwomba aifunge miaka 3 kwa neno moja, naye huenda hajui bado ni neno gani. Ni rahisi zaidi kwa mtu kuandika kurasa mbili kuliko kuandika neno hilo.

Na mwisho, "kama hutaki niambie nijue moja." Hapo unamtaka afunge mlango kwa mkono wake mwenyewe ili wewe upumzike. Halafu "sitakusumbua tena" inasomeka kama kwaheri ya mtu aliyekasirika, hata kama uliiandika kwa unyenyekevu. Kwa hiyo mume wako ameona vizuri. Ila aliyoyaona ni makosa ya ujumbe huu. Hayathibitishi kwamba kila ujumbe wa pili ni kosa.

Sasa tuzungumze kuhusu zile tiki, kwa sababu umezipa kazi zisizoiweza. Tiki za buluu zilikuja mwaka 2014, na tangu hapo zimegombanisha watu wengi. Tiki mbili za buluu zinasema jambo moja tu: mazungumzo yenu yalifunguliwa kwenye simu yake. Hazisemi nani aliyefungua, wala hazisemi alifika wapi. Ujumbe mrefu hukatwa katikati, msomaji hubonyeza ili aone uliobaki. Inawezekana aliona mistari ya mwanzo, akatambua unahusu msiba wa mama, akaufunga ili asilie mbele ya watu, na hajapata moyo wa kuufungua tena. Inawezekana pia ameusoma mara kumi. Wewe umechagua maana moja, kwamba amesoma na amekataa, na maana hiyo ndiyo iliyoandika ule ujumbe wa pili. Sikwambii kwamba umekosea. Nakwambia kwamba hujui, na ujumbe unaoandikwa na mtu anayedhani anajua huwa na ukali ambao mwandishi hauoni.

Hoja ya picha anazoweka kila siku naielewa. Inauma kuona mtu ana muda wa kupiga picha vitenge na hana muda wako. Lakini ile ni biashara yake. Kupiga picha ya kitenge na kuandika bei ni kazi ya dakika 2 isiyogusa moyo. Kukujibu wewe ni kuingia tena kwenye chumba alichofia mama yake. Hizo si kazi za aina moja, na kufanya ya kwanza hakumaanishi anaweza ya pili.

Kuna jambo hapa sidhani umelitazama. Unasema ujumbe wa pili bado hujautuma. Nadhani ameshaupata. Anayeweka picha kwenye stetasi anaona orodha ya majina ya walioitazama. Kwa siku 19 jina lako limekuwemo kila siku, pengine juu kabisa. Kisha ukaweka moyo, na moyo ule haukubaki kwenye picha: yeye aliuona kando ya jina lako kwenye orodha hiyohiyo, kama ujumbe mwingine. Kwake yeye umekuwa ukibisha hodi kila asubuhi. Hukuwa na nia hiyo, najua. Ila ukiamua kumwandikia mara moja tena, "mara moja" hiyo iwe ya kweli. Zinyamazishe stetasi zake, useme mimi ndiye niliyekushauri, kuanzia leo na kwa wiki chache mbele. Hatapata taarifa kwamba umefanya hivyo, na nadhani utalala vizuri zaidi.

Dada yako anasema kimya ni jibu. Mara nyingine ni kweli, na ukichagua kutulia kabisa, bila ujumbe wa pili, sitakuona umeshindwa. Ni njia yenye heshima yake: umesema, umesikika, umemwachia. Hatari yake ni moja, na nitakueleza kwa jambo lililonipata.

Miaka mingi iliyopita jamaa yangu wa karibu aliniandikia barua ya kuomba radhi kwa jambo zito. Niliipokea vizuri, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kumsamehe. Lakini nilitaka kumjibu vizuri, na kumjibu vizuri kulihitaji siku tulivu, nami sikuwa na siku tulivu. Wiki ikawa mwezi. Mwezi ulipopita ikaongezeka aibu: sasa nilipaswa kumjibu, tena nieleze kwa nini nimechelewa. Kadiri nilivyochelewa ndivyo jibu lilivyozidi kuwa kubwa, mpaka likawa kubwa kiasi cha kutowezekana. Baada ya miezi kama 4 alinitumia mistari mitatu. Hakuniuliza kama nilipata barua. Alisema tu kwamba aliyoyaandika bado anayasema, na kwamba kwake hakuna kuchelewa. Nilimjibu siku hiyohiyo. Neno "hakuna kuchelewa" lilinitua mzigo ambao yeye hakujua ninao.

Sikuahidi kwamba rafiki yako yuko hivyo. Nakuonyesha tu kazi ambayo ujumbe wa pili unaweza kuifanya. Ule wa kwanza, hata uwe wa dhati namna gani, humwekea mtu kitu mabegani: asome, aumie, aamue, ajibu. Wa pili una haki ya kuwepo ikiwa unapunguza kitu mabegani hapo. Ukiongeza chochote, hata kidogo, afadhali usiende.

Basi tuangalie wa kwanza ulimwekea nini. Kwa maelezo yako ulimwomba mambo matatu kwa mkupuo mmoja: akusamehe, akukaribishe Tanga, akujibu. Na kabla ya kuomba ulimweleza semina na ndoa. Kisha ukasema "kama nilikukosea."

Hapa naomba tukae kidogo, maana nadhani ndipo penye kiini. Hakuna "kama" katika jambo hili, na wewe unajua, ndiyo maana umejiita mwenye deni. Mama alizikwa siku ileile kama ilivyo desturi, na hakuna mtu Tanga atakayekulaumu kwa kutowahi mazishi ukiwa Dodoma. Lakini matanga yana siku zake, hitma ina siku yake, arobaini inajulikana tarehe tangu mwanzo. Basi la alfajiri kutoka Dodoma, kupitia Morogoro, Chalinze na Segera, lingekufikisha Tanga siku hiyohiyo. Rafiki yako anaijua njia hiyo. Kwa hiyo aliposoma habari za semina, inawezekana alisoma sababu ya siku moja ikitumika kufunika siku 40. Na aliposoma "kama," inawezekana aliona kwamba hata sasa unamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba alikosewa.

Nikisema hivi sikusudii kukuumiza. Nakusudia kukuonyesha kwamba una kitu halisi cha kumwandikia, kitu ambacho hakihusiani na jibu lake. Unaweza kurudi kurekebisha msamaha wako. Mtu anayerudi kuuliza "mbona hujanijibu" anazungumzia haja yake. Anayerudi kusema "nililosema halikukaa sawa, sawa yake ni hii" anamzungumzia aliyeumizwa. Yote mawili ni ujumbe wa pili, na yanafika yakiwa tofauti kabisa.

Kwa mfano, ungeandika hivi, kwa maneno yako na si yangu:

"Asalaam alaykum. Nimeurudia ule ujumbe wangu mrefu nikaona niliandika sana habari za semina. Semina haikuwa sababu. Ningeweza kuja matangani, ningeweza kuja arobaini, na sikuja. Mama alinipa chumba chako na mimi sikuja kukaa na wewe siku hata moja. Nilikukosea, na ndiyo ninayoyaombea radhi. Habari ya mimi kuja Tanga iache, nilikuwa nimetanguliza haja yangu. Huna deni la kunijibu. Ikitokea siku una neno, hata baada ya muda mrefu, kwangu hujachelewa. Salamu kwa watoto."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna tiki, hakuna siku, hakuna "nimelia," hakuna alama ya kuuliza hata moja. Alama ya kuuliza hudai jibu hata ikiwa swali ni dogo, hata "hujambo?" Unaweza kushangaa, lakini mtu aliye kwenye hali yake akiona "hujambo?" peke yake chini ya ujumbe mzito, anajua anachoulizwa si hali.

Angalia pia yale maneno "huna deni la kunijibu." Usiyaandike mpaka yawe kweli. Hili ndilo gumu, na siwezi kulirahisisha. Ukiyaandika huku umekaa na simu mkononi, chuki itaanza upya siku ya 3, na siku ya 10 utakuwa unatunga ujumbe wa tatu unaoanza na "nilisema huna deni, lakini." Jipime hivi: jiwazie amesoma, tiki zimegeuka, na mwezi mzima umepita kimya. Bado ungefurahi kwamba uliurekebisha msamaha wako? Kama jibu ni ndiyo, ujumbe umeiva. Kama ungejuta na kuona umejidhalilisha bure, usubiri. Hauozi.

Kuhusu siku ya kuutuma. Tarehe ya kifo cha mama nakuomba uiache. Naelewa kwa nini umeifikiria, siku hiyo wote wawili mtakuwa mnamkumbuka mtu mmoja. Lakini siku hiyo ni ya mtoto na mama yake. Atakuwa na ndugu, pengine na kisomo, na akifungua simu ataingiziwa jambo lako katikati, tena jambo linalomkumbusha nani hakuwepo. Siku hiyo mwombee mama huko Dodoma bila kumtaarifu mtu. Iddi nayo siipendi kwa kazi hii. Salamu ya Iddi ukiituma baada ya kimya huwa ni ujumbe wa pili uliovikwa kanzu, na yeye ataivua kanzu hiyo mara moja. Na kabla ya Ramadhani simu zetu zote hujaa zile jumbe za kusambazwa za "nisameheni nyote niliowakosea". Wa kwako utaonekana ni mmojawapo. Chagua siku isiyo na jina. Kama tarehe ya mama ni mwezi ujao, mimi ningeacha tarehe hiyo ipite kwa wiki moja au mbili. Na iwe mchana au jioni mapema, usiku wa manane hapana. Ujumbe wa saa 6 usiku hubeba habari za aliyekosa usingizi.

Najua utafikiria na njia nyingine, kwa hiyo niziguse. Kupiga simu kunamtaka ajue la kusema ndani ya sekunde chache, na akishindwa atakata au hatapokea, kisha kutakuwa na jeraha jipya juu ya la zamani. Ujumbe wa sauti una uzuri wake, maana atasikia kwamba hukuja na hasira. Ila sauti inayotetemeka inaweza kumfanya aone ni wajibu wake kukubembeleza, wakati aliyefiwa ni yeye.

Kumtuma mtu ni desturi yetu, na zipo ugomvi zilizomalizwa na shangazi mmoja mwenye busara. Lakini mtu wa kati anafaa pale ambapo pande zote mbili zinamtaka. Ukimtuma rafiki mwenzenu sasa, atakachoona ni kwamba umemwanika, na kwamba sasa anajadiliwa. Kwenda mwenyewe bila taarifa ni kuzito zaidi ya yote. Wewe umeishi katika nyumba ile, unajua kwamba mgeni akishabisha hodi hakuna wa kumwambia rudi. Atakukaribisha, atakupikia, atakutandikia. Hutajua kama umesamehewa au umetendewa adabu tu, na yeye atakuwa amenyimwa nafasi ya kukataa.

Usitume pesa, hata vocha, hata kwa jina la sadaka ya mama. Pesa ya simu huingia bila kuombwa ruhusa. Na kwenu ninyi wawili ile 50,000 ndiyo iliyokuja badala yako. Kwake pesa nyingine itaonekana ni marudio.

Ukishatuma, mambo manne yanaweza kutokea. Anaweza kujibu kwa upole. Anaweza kujibu "sawa" au "nimeona" na kuishia hapo. Ukipata hivyo mwambie "ahsante kwa kuniambia" na usiongeze aya, maana huenda amepima kina cha maji kwa mguu mmoja. Anaweza kukujibu kwa ukali, akakutajia kila siku uliyokosekana, na mengine usiyoyajua. Huo nao ni mlango, mdogo wangu, ingawa hautafanana na mlango. Usijitetee hata pale atakapokosea tarehe. Na anaweza kunyamaza. Ukiona tiki moja tu kwa siku nyingi, inaweza kuwa simu imezimwa, amebadili namba, au amekuzuia. Usijaribu kupima kwa namba ya mume wako. Jibu lolote utakalolipata kwa njia hiyo litakuwa limechukuliwa, halijatolewa.

Kama ni kimya tena, hapo nakuomba usimame. Ujumbe wa tatu hauwezi kubeba maana ya msamaha, hata ukiuandika kwa wino wa dhahabu, kwa sababu atakuwa ameshasikia mara mbili na ameshachagua, japo uchaguzi wake hujauelewa. Utabaki na huzuni, na huzuni hiyo ni halali. Zungumza nayo na mume wako, anaonekana mtu anayekutazama vizuri.

Kuna neno kwenye barua yako nimelirudia mara nyingi. Miaka 2 uliyolala katika chumba kile, mwenye chumba alikuwa Iringa. Maana yake ni kwamba unaijua sehemu ya maisha ya mama yake ambayo yeye haijui: alivyoamka, alichopika siku ambazo hela haikutosha, alivyomtaja binti yake aliye mbali, barua au simu za Iringa alizipokeaje. Nunua daftari uyaandike, taratibu, jinsi yanavyokujia. Usiyaweke kwenye ujumbe wa pili, hapo yatakuwa chambo. Yaandike tu uyatunze. Siku yoyote akikuuliza, mwaka huu au akiwa bibi, yawepo.